Upau Uliokatwa Miguu: Jinsi Chati ya Bei ya Korosho Inavyokuza Shilingi 210

Msimu wa korosho unapofunguka mwezi wa kumi, habari ya bei husafiri upesi kutoka Tandahimba hadi Nachingwea. Mnada ukimalizika asubuhi, kabla ya adhuhuri bei ya juu na bei ya chini zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp, na siku hizi haziji kama namba tupu. Zinakuja na picha: pau za rangi zimesimama kwa safu, kila upau na mnada wake. Karatasi kama hiyo hubandikwa pia ukutani kwenye ofisi ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na wakulima husimama mbele yake wakizungumza.

Nataka tuichukue chati moja ya namna hiyo tuipime sentimita kwa sentimita. Bei nitakazotumia ni za mfano, si za mnada wowote uliofanyika, lakini zinafanana na zile ambazo watu wa kusini wamezizoea. Mnada wa kwanza, shilingi 3,650 kwa kilo. Wa pili, 3,720. Wa tatu, 3,790. Wa nne, 3,860. Juu ya karatasi kuna kichwa cha habari kwamba bei imepaa.

Chati ina kimo cha sentimita 8. Mhimili wima, yaani ule mstari wa kushoto wenye bei, unaanza chini kabisa na 3,500 na kuishia juu na 3,900. Sentimita 8 zimebeba shilingi 400, kwa hiyo kila sentimita ni shilingi 50. Ukiweka rula, upau wa mnada wa kwanza una sentimita 3, wa pili 4.4, wa tatu 5.8, na wa nne 7.2. Upau wa mwisho ni mrefu mara mbili na zaidi kuliko wa kwanza. Mtu akipita haraka, akatazama picha bila kusoma namba, anaondoka na hisia kwamba aliyeuza mnada wa nne amepata zaidi ya mara mbili ya aliyeuza wa kwanza.

Sasa tuchore bei zilezile kwenye karatasi yenye kimo kilekile, ila mhimili uanze sifuri na uishie 4,000. Hapo kila sentimita ni shilingi 500. Upau wa kwanza unakuwa na sentimita 7.3, wa pili 7.44, wa tatu 7.58 na wa nne 7.72. Tofauti ya wa kwanza na wa mwisho haifiki hata nusu sentimita. Kwa mbali pau zote nne zinaonekana kama zimelingana, na huo ndio ukweli wa namba zenyewe, maana kutoka 3,650 hadi 3,860 ni ongezeko la asilimia 5.75.

Hakuna namba iliyoghushiwa kwenye chati ya kwanza. Bei ni sahihi, na mhimili umeandikwa wazi kwamba unaanza 3,500. Ndiyo maana ni vigumu kumlaumu aliyeichora, na ndiyo maana upotoshaji wa aina hii unadumu. Kasoro imo katika jinsi upau unavyosomwa. Katika chati ya pau, urefu ndio ujumbe. Jicho halianzi kwa kusoma namba za pembeni kisha likapunguza na kugawanya. Linalinganisha urefu wa upau huu na wa ule, na jibu linakuja kabla mtu hajakusudia kulitafuta. Upau wa bei una haki ya kulinganishwa hivyo pale tu unapoanzia sifuri, kwa sababu hapo urefu wake ni bei yote. Ukianzia 3,500, urefu unaoonekana ni kile kipande cha bei kilichozidi 3,500, ambacho hakuna mkulima anayelipwa peke yake. Ni sawa na kulinganisha minazi miwili kwa sehemu zinazochungulia juu ya paa la nyumba: mmoja umechungulia hatua moja, mwingine mbili, na mtazamaji anasema huu ni mrefu mara mbili ya ule, ilhali shina refu la kila mmoja limefichwa na ukuta.

Ukubwa wa upotoshaji huu unapimika. Edward Tufte, mtakwimu wa Marekani, alipendekeza mwaka 1983 kipimo chepesi: chukua badiliko linaloonekana kwenye picha kwa asilimia, ligawanye kwa badiliko lililomo kwenye namba kwa asilimia. Jibu likiwa 1, picha inasema kweli. Likizidi 1, picha inakuza. Katika chati yetu, upau umetoka sentimita 3 hadi 7.2, ongezeko la asilimia 140. Bei imeongezeka asilimia 5.75. Gawanya 140 kwa 5.75, unapata kama 24. Picha imekuza ongezeko la bei mara 24.

Kwa chati iliyokatwa chini kuna njia fupi zaidi ya kufikia jibu hilohilo, na hii ndiyo ninayotamani kila anayepokea chati kwenye simu awe nayo. Chukua bei unayoanza kulinganisha nayo, hapa 3,650. Toa namba ambayo mhimili unaanzia, 3,500. Inabaki 150. Kisha gawanya 3,650 kwa 150. Jibu ni 24 na kidogo. Basi. Huhitaji rula wala asilimia.

Njia hiyo fupi inafichua jambo ambalo si rahisi kuliona kwa macho. Bei ya mnada wa nne haimo kabisa kwenye hesabu. Kiasi ambacho chati itakuza tofauti hakitegemei tofauti hiyo ni kubwa au ndogo. Kinategemea tu mahali mhimili ulipokatwa, ukilinganisha na bei ya kuanzia. Kwa hiyo mchoraji mmoja akianza na 3,000, atakuza mara 5.6 tu. Mwenzake akianza 3,600, atakuza mara 73, na upau wa mnada wa nne utaonekana mrefu mara tano na zaidi ya ule wa kwanza. Wote wawili wamechora minada ileile na bei zilezile, na wanaozitazama chati hizo wataingia kwenye mkutano mmoja wa chama wakiwa na picha mbili tofauti vichwani.

Na chati ikionyesha kushuka, hesabu ni ileile ila unaanza na bei ya juu. Tuseme minada ingekwenda kinyume, kutoka 3,860 ikashuka hadi 3,650, kwenye mhimili ule unaoanza 3,500. Upau ungeporomoka kutoka sentimita 7.2 hadi 3, yaani ungepoteza zaidi ya nusu ya urefu wake, wakati bei yenyewe imepungua asilimia 5.4. Hapa ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi. Korosho za wakulima zinapokuwa ghalani zikisubiri mnada ujao, hofu ya bei kuporomoka inaweza kuwafanya watu waikubali bei ambayo wangeweza kuikataa, na picha ya upau uliokatika nusu inatia hofu kuliko namba 3,650 iliyoandikwa kwa maneno.

Mfano wa kweli unaotajwa sana ulitokea Marekani mwaka 2012, kwenye televisheni ya Fox News. Kituo kilionyesha chati yenye pau mbili kuhusu kiwango cha juu cha kodi ya mapato: asilimia 35 iliyokuwapo wakati huo, na asilimia 39.6 ambayo ingeanza Januari 2013 iwapo nafuu ya kodi ya enzi za Rais Bush ingeachwa imalizike. Mhimili ulianza 34. Upau wa kwanza ulisimama juu ya mstari wa chini kwa kipimo cha 1, wa pili kwa 5.6. Kodi iliyokuwa inapanda kwa takriban asilimia 13 ya kiwango chake ilionekana imepanda zaidi ya mara tano. Kwa njia yetu fupi: 35 gawanya kwa 1, picha imekuza mara 35.

Hata hivyo, mtu akiona chati iliyokatwa asikimbilie kusema kwamba aliyeichora alikusudia kudanganya. Mara nyingi hakuchagua chochote. Karani anaingiza bei nne kwenye Excel, anabonyeza alama ya chati, na programu yenyewe inaamua mhimili uanzie wapi. Kanuni inayotumiwa na Excel inafahamika. Kama namba zote ni chanya, na tofauti kati ya kubwa na ndogo haizidi asilimia 16.67 ya ile kubwa, yaani moja ya sita yake, mhimili hauanzi sifuri. Kwa bei zetu, moja ya sita ya 3,860 ni kama 643. Tofauti tuliyo nayo ni 210 tu, kwa hiyo programu inakata. Baada ya hapo inachukua namba ndogo kuliko zote, inatoa nusu ya ile tofauti, na kushuka hadi alama ya mhimili iliyo karibu chini yake. 3,650 toa 105 ni 3,545, na alama iliyo chini yake ni 3,500. Hivyo ndivyo chati yetu ilivyopata mwanzo wake, bila mtu yeyote kuamua.

Angalia matokeo ya kanuni hiyo. Bei zikitofautiana sana, Excel inaanza sifuri na picha inasema kweli. Bei zikikaribiana, ndipo inapokata. Maana yake ni kwamba upotoshaji unakuja hasa pale ambapo habari ya kweli ingekuwa kwamba bei hazikubadilika sana. Kurekebisha ni kazi ya muda mfupi: bonyeza mara mbili kwenye mhimili wima, fungua `Axis Options`, na kwenye `Bounds` andika `0` mbele ya `Minimum`. Ukishaiandika mwenyewe, programu haitaibadilisha hata ukiongeza bei za mnada wa tano.

Kuna wanaojibu kwamba msomaji makini ataona mhimili unaanza 3,500 na kujirekebisha mwenyewe. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na Brenda Yang, walichapisha matokeo ya majaribio matano ambamo watu walionyeshwa chati za pau, nyingine zimeanza sifuri na nyingine zimekatwa, wakaulizwa tofauti ni kubwa kiasi gani. Chati zilizokatwa ziliwafanya waione tofauti kuwa kubwa zaidi. Walipoelezwa mapema jinsi chati iliyokatwa inavyopotosha, kosa lilipungua lakini halikuisha. Hata wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika fani zinazotegemea namba walinaswa. Kujua kwamba mhimili umekatwa hakulizuii jicho kulinganisha urefu. Unaweza kuujua ukweli na bado ukaondoka na hisia isiyo yake.

Kwa sababu hiyohiyo, dawa ambayo wengi hufundishwa shuleni haitoshi. Nazungumzia ile alama ya zigizagi inayochorwa chini ya mhimili kuonyesha kwamba sehemu imerukwa. Utafiti wa Michael Correll na wenzake, uliotoka mwaka 2020, ulijaribu njia za kuonyesha mkato huo waziwazi, hata kwa kuupasua upau wenyewe. Watazamaji waliendelea kuiona tofauti kuwa kubwa kuliko walipoonyeshwa chati isiyokatwa. Zigizagi ni ungwana wa mchoraji, lakini upau unabaki na urefu uleule.

Wakati mwingine mhimili haupo kabisa. Chati nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya simu huondoa mstari wa kushoto ili picha ionekane safi, zikabaki pau na bei zilizoandikwa juu yake. Hapo msomaji hana pa kuona mhimili umeanzia wapi, lakini anaweza kupapata kwa rula. Kama tungepewa chati yetu bila mhimili, tungepima upau wa kwanza tukapata sentimita 3 na wa nne sentimita 7.2. Tofauti ya urefu ni 4.2, na tofauti ya bei ni shilingi 210. Basi kila sentimita imebeba shilingi 50. Upau wa kwanza wenye sentimita 3 unaonyesha shilingi 150 tu, wakati juu yake pameandikwa 3,650. Shilingi 3,500 hazikuchorwa, na hapo ndipo mhimili ulipokatwa. Ukitaka jibu la haraka bila hesabu yote hiyo, linganisha uwiano mbili: upau mfupi unaingia mara ngapi kwenye ule mrefu, na namba ndogo inaingia mara ngapi kwenye ile kubwa. 7.2 kwa 3 ni mara 2.4. 3,860 kwa 3,650 ni mara 1.06. Chati ya pau iliyo sawa hutoa majibu mawili yanayolingana.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mkulima anaweza kusema: hizo pau zako zinazoanzia sifuri zimelingana kiasi kwamba zinaniambia hakuna kilichotokea, lakini kwangu shilingi 210 si kitu kidogo. Ana haki. Mwenye kilo 1,000 ghalani, kati ya bei ya mnada wa kwanza na wa nne kuna shilingi 210,000 kabla ya makato. Hiyo ni ada, au ni sehemu ya salfa ya msimu ujao. Asilimia 5.75 ni ndogo kwa jicho lakini si ndogo kwa mfuko, na chati inayoificha inamnyima mtu jambo analopaswa kulijua.

Njia ya kumtendea haki mkulima huyo ni kuchora kitu chenyewe anachouliza. Kama swali ni ongezeko, chora ongezeko. Kichwa kiwe wazi: shilingi zilizoongezeka kwa kilo kuliko mnada wa kwanza. Mnada wa pili upate upau wa 70, wa tatu 140, wa nne 210, na mhimili uanze sifuri. Sasa pau zinatofautiana vizuri, na kila urefu ni kweli tupu: upau wa nne ni mara tatu ya wa pili kwa sababu 210 ni mara tatu ya 70. Kando yake andika bei kamili za minada yote, ili mtu asidhani 210 ndiyo bei. Kwa namba nne hivi, mimi ningependelea hata jedwali dogo lenye bei, ongezeko la shilingi na ongezeko la asilimia. Linasomeka kwenye simu, na halimwachii jicho nafasi ya kubahatisha.

Namna nyingine ni kuachana na pau na kutumia nukta au mstari. Nukta haina mwili unaoshuka hadi chini. Inasomwa kwa mahali ilipo, si kwa urefu, kwa hiyo mhimili usioanza sifuri hauivunji kwa jinsi unavyouvunja upau. Grafu ya mstari inayofuatilia bei mnada kwa mnada inaweza kuanza 3,500 kihalali, kwa sababu inaonyesha mwendo: imepanda, imetulia, imeshuka. Lakini hapa pia nisingependa mtu alegee kabisa. Utafiti wa Correll ulionyesha kwamba hata kwenye mistari, kukata mhimili kunaifanya miinuko ionekane mikali zaidi. Mstari unaruhusu mkato. Hauondoi wajibu wa mchoraji kuandika badiliko hilo ni asilimia ngapi.

Na kuna vipimo ambavyo sifuri yake haina maana ya kutokuwepo kitu. Joto la Lindi mjini likipimwa kwa sentigredi, nyuzi 30 si joto maradufu la nyuzi 15, kwa kuwa sifuri ya sentigredi iliwekwa mahali maji yanapoganda. Kuchora pau za joto kuanzia sifuri hakuzifanyi ziseme kweli. Kipimo cha namna hiyo hakifai pau tangu mwanzo, kipewe mstari.

Pale panaponipa shida zaidi ni kwenye asilimia zinazokaribia mia. Tuseme shule mbili za mfano: moja imefaulisha asilimia 92 ya wanafunzi, nyingine 95. Mhimili ukianza 90, pau zinasimama 2 kwa 5, na shule ya pili inaonekana bora mara mbili na nusu. Njia yetu fupi inasema 92 gawanya kwa 2: picha imekuza mara 46. Ukianza sifuri, shule hizo zinaonekana pacha, na hilo nalo linaficha jambo. Kwa kila wanafunzi 100, shule ya kwanza ina 8 walioshindwa na ya pili ina 5. Kama anayeuliza ni mzazi anayechagua shule, pau za waliofaulu, kuanzia sifuri, zinamtosha. Kama ni ofisa anayetaka kujua wapi watoto wanabaki nyuma, achore walioshindwa, 8 kwa 5, kuanzia sifuri. Upau mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine mara 1.6, na idadi ya watoto walioshindwa itakuwa kubwa mara 1.6 vilevile.